Bosi kasema "sawa", lakini sawa ipi?

Shikamoo Mama,

Nina miezi minne kwenye kampuni inayosambaza mitungi ya gesi hapa Dar. Wakuu wa idara wakikaa kikao, mimi ndiye ninayeandika. Kikao cha Jumanne tarehe 7 Oktoba nilikitolea muhtasari wa kurasa 3, nikautuma Alhamisi kwa barua pepe. Hakuna aliyejibu, isipokuwa mhasibu, ambaye alinifuata mezani kuniuliza kwa nini nimemchongea. Ijumaa bosi akauliza barua ya mawakala iko wapi. Kila mtu akamtazama mwenzake, mwisho wote wakanitazama mimi.

Notsi zangu ni hizi, kama nilivyoziandika kikaoni:

Mitungi tupu hairudi, mawakala 9 Temeke na Mbagala. Mhasibu: tuwakatie mzigo leo leo. Meneja mauzo: hapana, wapewe wiki 2. Bosi: sawa, ila iandikwe.
Amana ya mtungi mdogo ipande? Bosi ataongea na wakubwa.
Gari la pili bado gereji, fundi kasema wiki ijayo. Ifuatiliwe.
Kupakia saa 12 badala ya saa 2, kuanzia wiki ijayo. Wote sawa.
Mizani ya ghala inasoma pungufu. Vipimo waitwe.
Orodha mpya ya mawakala, mauzo, J4.

Nizigeuzeje ziwe barua pepe ambayo watu wataifanyia kazi?

Mwandika Vikao, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu.

Notsi zako si mbaya. Nimezisoma nikawaona watu wamekaa mezani, na nimemwona mhasibu amekunja uso. Shida ni kwamba zinafuata midomo ya watu: aliyesema kwanza yuko juu, aliyesema mwisho yuko chini. Anayefungua barua kwenye simu, yuko ndani ya daladala, hatafuti nani alisema nini. Anatafuta yeye anadaiwa nini na mpaka lini. Ule muhtasari wa kurasa 3 uweke kwenye faili, utahitajika siku mkaguzi akija au mkibishana mwakani. Barua pepe ya baada ya kikao ni kitu kingine, na hiyo ndiyo inayotangulia. Itoke jioni ileile, au kesho yake kabla ya saa 4 asubuhi. Alhamisi mambo yameshapoa, na kama utakavyoona, kazi ya kwanza katika kikao chenu ilipaswa kuwa imekwisha Jumatano.

Tujifanye bado ni Jumanne jioni. Kaa na daftari lako na kalamu ya rangi nyingine, upitie mstari kwa mstari. Palipo na uamuzi weka U. Palipo na kazi ya mtu weka K. Jambo lililozungumzwa likaachwa bila jibu ni kiporo, weka P. Penye maoni usiweke kitu, na kisicho na herufi hakiingii kwenye barua.

Sasa tazama "tuwakatie mzigo leo leo". Hayo ni maoni. Yalishindwa palepale mezani, basi yameishia palepale. Wewe ukayachapa na jina la msemaji, ukayatuma kwa watu wote, na kesho yake wakala mmoja akiyasikia atajua nani alitaka kumfungia duka. Mhasibu ana haki ya kununa. Uamuzi ukishapita ni wa kikao kizima, haubebi jina la aliyeupinga wala la aliyeuleta. Majina yana mahali pake, nayo ni kwenye kazi tu.

Mstari unaofuata ndio uliokuponza: "Bosi: sawa, ila iandikwe." Usome polepole. Sawa ipi, ya mhasibu au ya meneja mauzo? Iandikwe nini, barua ya kupelekewa mawakala, au iandikwe tu kwenye muhtasari ijulikane? Na iandikwe na nani? Kiswahili chetu kina mlango wa uani ambao watu wa vikao wanaupenda sana, nao ni ile w: iandikwe, ifuatiliwe, waitwe. Kazi imetajwa vizuri kabisa, mtu hayumo. Ndugu yake ni "tu": tutaangalia, tutalifanyia kazi. Sisi akina nani? Kwenye notsi zako hiyo w nimeikuta mara 4 ukihesabu na "wapewe", na kila ilipo pana kazi isiyo na mwenyewe.

Hapo ndipo waandishi wengi wa vikao wanapoharibu, maana wanajaza pengo kwa kubahatisha. Wanaona habari ni ya magari, wanaandika "idara ya usafirishaji". Mimi mwenyewe nilishaponzwa na hilo. Katika ofisi moja niliyokuwa katibu muhtasi niliandika "kupokea wageni: utawala". Utawala tulikuwa watu wanne. Wageni walitua saa 3 usiku wakakaa juu ya mabegi yao mpaka saa 5, na kila mmoja kati yetu wanne alikuwa nyumbani anakula, ana hakika kwamba mwenzake kaenda. Tangu siku hiyo siandiki idara. Naandika mtu mmoja. Kazi ikiwa ya wawili, namwandika atakayeulizwa, huyo mwingine atakumbushwa na mwenzake.

Lakini wewe si mkuu wa mtu pale, na huna mamlaka ya kumpa meneja kazi. Mwenye mamlaka hayo ni aliyeongoza kikao. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote, mfuate bosi dakika mbili kabla hajaondoka. Usimwulize "nani ataandika barua?", maana atakujibu "watajua wenyewe huko mauzo" na utarudi na pengo lako. Mpelekee jibu alithibitishe: "Bosi, nimeelewa hivi: wale mawakala 9 wanapewa wiki 2, na meneja mauzo ndiye anayewaandikia barua. Ndivyo?" Mtu aliyechoka hukubali au hukusahihisha, na vyote viwili vinakufaa. Ukiwa hapohapo ongeza swali moja ambalo kikao chenu kilisahau: "Na asiyerudisha baada ya hizo wiki 2?"

Tuchukulie bosi kajibu kwamba ndiyo, meneja mauzo ataandika, na asiyerudisha asipakiwe mzigo. Umepata uamuzi kamili. Mpigie sasa meneja mauzo umwambie umemwandika. Hii simu si ya heshima peke yake. Mtu anayekuta jina lake kwenye barua iliyokwenda kwa wote, bila kuambiwa, kwanza hukasirika, kazi anaifikiria baadaye. Na mara nyingi simu hiyo ndiyo inayotoa jambo lililojificha. Hapa meneja mauzo atakuuliza, na yuko sahihi: "Nitawaandikiaje bila kujua kila mmoja anadaiwa mitungi mingapi?" Hesabu hiyo anayo mhasibu. Kumbe kuna kazi nyingine mbele ya ile barua, ambayo hakuna aliyeitamka kikaoni. Ndiyo niliyosema ilipaswa kwisha Jumatano.

Tukija kwenye tarehe, "wiki 2" si tarehe. Wiki 2 tangu kikao ni tarehe 21, lakini wakala hakuwa kikaoni kwenu, yeye siku zake zinaanza anapopokea barua. Barua zikifika mikononi mwao Ijumaa tarehe 10, wiki 2 zinaisha Ijumaa tarehe 24. Ndiyo maana hesabu ya mhasibu ipatikane Jumatano tarehe 8, ili meneja mauzo abaki na Alhamisi ya kuandika na Ijumaa ya kuzigawa. Ukipanga tarehe za mnyororo kama huu anza na ya mwisho, urudi nyuma. Ukianza na ya kwanza utajikuta barua inadaiwa kabla hesabu haijatoka.

"J4" nayo ina mtego wake. Jumanne inayofuata ni tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, ofisi zimefungwa. Mwenye kazi atasema alidhani Jumatano, anayeisubiri atasema alidhani Jumatatu. Fungua kalenda kwa kila tarehe unayoiandika, kisha andika siku na tarehe pamoja. Ukikosea kimoja, kingine kitakusuta.

Saa nazo ziandikie sehemu ya siku. Kwenye maongezi "saa 10" haina utata kwetu, ila watu siku hizi wanaingiza miadi kwenye simu, na simu inahesabu kizungu. Nimeona mtu mzima kaweka kengele ya 10:00 kwa kazi ya saa 10 jioni, akaniletea ripoti ambayo haijaisha saa 4 asubuhi, anahema, nami sina habari. Andika "saa 10 jioni", na kama ofisini yupo asiyezoea saa zetu ongeza 16:00 pembeni.

La gari ni tofauti kidogo. "Fundi kasema wiki ijayo" huwezi kuliandika kama tarehe ya mwisho, maana fundi si mfanyakazi wenu na gereji ina mambo yake. Mtu wenu hawezi kuahidi gari. Anachoweza kuahidi ni habari za gari. Basi mwandike msimamizi wa magari kwamba Ijumaa saa 6 mchana atatuma jibu la fundi: gari linatoka siku gani na kwa shilingi ngapi. Vivyo hivyo mizani. "Vipimo waitwe" inaisha lini? Wakipigiwa simu? Wakifika? Wakishaikagua? Meneja wa ghala akipiga simu moja isiyopokelewa atakwambia ameshawaita, na hatakuwa mwongo. Kazi iandikwe kwa kile kitakachoonekana ikiisha. Hapa ni tarehe ambayo Wakala wa Vipimo wamekubali kuja, imeandikwa na imetumwa kwenu.

Imebaki amana. Hiki ni kiporo, na kiporo kina hatari yake kikichanganywa na maamuzi. Ofisa mauzo akisoma haraka "amana ya mtungi mdogo kupanda", jioni mawakala wote wa Temeke wanayo. Na wakala anayeamini amana itapanda wiki ijayo atarudisha mitungi tupu kwa nini leo? Mtakuwa mmeua uamuzi wenu wa kwanza kwa mkono wenu. Kiporo kiandike kwa maneno matatu makavu: haijaamuliwa, nani ataleta jibu, kikao gani. Halafu sema mpaka hapo kinachofuatwa ni kipi.

Baada ya hizo simu, kuandika kwenyewe ni dakika 15. Ningeandika hivi. Mimi naweka vyeo kwa kuwa siwajui, wewe weka majina.

*

Mada: Kikao cha Jumanne 7 Oktoba: maamuzi 2, kazi 6 (ya kwanza ni kesho saa 10 jioni)

Habari za jioni,

Haya ndiyo tuliyokubaliana leo. Nilipokosea nisahihisheni kabla ya kesho Jumatano saa 6 mchana.

TULIYOAMUA
1. Mawakala 9 wa Temeke na Mbagala wanaodaiwa mitungi tupu wairudishe kufikia Ijumaa 24 Oktoba. Asiyerudisha hapakiwi mzigo kuanzia Jumatatu 27 Oktoba.
2. Kuanzia Jumatatu 13 Oktoba magari yanapakia saa 12 asubuhi badala ya saa 2.

KAZI
Mhasibu: hesabu ya mitungi anayodaiwa kila mmoja wa mawakala 9, imfikie meneja mauzo. Jumatano 8 Oktoba, saa 10 jioni.
Msimamizi wa magari: jibu la fundi, gari la pili linatoka siku gani na kwa gharama gani. Ijumaa 10 Oktoba, saa 6 mchana.
Meneja mauzo: barua zimewafikia mawakala 9, nakala zimesainiwa. Ijumaa 10 Oktoba, saa 11 jioni.
Msimamizi wa magari: madereva na wapakiaji wote wameambiwa saa mpya ya kupakia. Ijumaa 10 Oktoba, saa 11 jioni.
Meneja wa ghala: tarehe ya Wakala wa Vipimo kuja kukagua mizani. Jumatatu 13 Oktoba, saa 10 jioni.
Ofisa mauzo: orodha mpya ya mawakala. Jumatano 15 Oktoba, saa 4 asubuhi (Jumanne 14 ni sikukuu).

KIPORO
Amana ya mtungi mdogo: haijaamuliwa. Bosi ataleta jibu kikao cha Jumanne 21 Oktoba. Mpaka hapo amana ni ileile.

Asanteni.

*

Utaona sikuweka jedwali. Jedwali linapendeza kwenye kompyuta yako, kwenye simu safu zinakatika na tarehe inahamia kwa mtu mwingine. Sikuweka kiambatisho pia, kwa sababu mtu mwenye bando la kubana hakifungui. Kila kazi ina mstari wake, umeanza na mtu ili ajione, na mistari imepangwa kwa tarehe. Kichwa cha barua kimebeba tarehe ya kwanza kwa ajili ya yule ambaye hataifungua kabisa.

Ule mstari wa "nisahihisheni kabla ya" usiuache. Bila hiyo saa, mtu atakuja na masahihisho yake siku ya tarehe ya mwisho. Lakini ujue mpaka wake. Aliyekuwa kikaoni akinyamaza unaweza kusema amekubali. Ambaye hakuwepo, akanyamaza, hajakubali kitu, huenda hata hajasoma. Huyo apigiwe simu, na asipopatikana, mwambie bosi usiku uleule.

Wote waweke kwenye mstari wa wapokeaji, bosi naye. Ukimweka bosi pembeni kwenye nakala, watu wanaona wanashtakiwa.

Kuna watu ambao barua hii haiwafikii kamwe, nao ndio wanaoguswa zaidi na uamuzi wa pili. Madereva na wapakiaji hawana barua pepe ya ofisi. Ndiyo maana kuwaambia nimekufanya kazi yenye mtu na saa. Msimamizi wa magari awatumie sauti kwenye kundi lao la WhatsApp na abandike karatasi mlango wa ghala. Usipoiandika hiyo, Jumatatu saa 12 asubuhi utakuwa na ghala wazi, meneja amesimama na daftari, na hakuna gari hata moja.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya kila kazi, mkumbushe mwenyewe peke yake, kwa maneno machache: "Leo saa 10 jioni, ile hesabu ya mitungi." Ikitimia, jibu juu ya barua ileile ya kikao uandike imekamilika, usifungue nyingine. Tarehe 21 mkikaa, yatokanayo yenu ni barua hiyo tu, iliyobaki wazi ndiyo mnayoizungumza.

Kuhusu ile ya Alhamisi, imeshatoka na hairudi. Nenda ofisini kwa mhasibu mwenyewe, usimtumie ujumbe. Mwambie ulikosea kuandika maneno yake. Mwonyeshe rasimu mpya, umsomee uamuzi wa kwanza mpaka pale pa tarehe 27. Ataona kwamba kukata mzigo kumebaki, kumesogezwa tu mbele. Kisha mwombe ile hesabu ya mawakala 9.